Duka linahama: jinsi ya kuomba ruhusa na kuwajulisha wateja

Tuchukue duka la vifaa vya ushonaji: zipu, vifungo, bitana, nyuzi. Lipo Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, na linahamia Magomeni Mapipa. Wateja wake ni mafundi cherehani. Wa mjini hupita kila wiki, na hao wana namba yako. Fundi wa Morogoro huja karibu na Sikukuu ya Idi au shule zinapokaribia kufunguliwa, na anachokijua ni mlango tu. Huyo ndiye utakayempoteza usipojipanga.

Kwanza, karatasi. Leseni ya biashara hutolewa kwa eneo husika, na hapa unatoka Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam unaingia Manispaa ya Kinondoni. Omba leseni ya eneo jipya kupitia mfumo wa Tausi (tausi.tamisemi.go.tz), ukiwa na TIN na mkataba wa pango mpya. Kisha nenda TRA wabadilishe eneo la biashara kwenye taarifa zako. Kama una mashine ya EFD, hakikisha na anwani inayochapwa juu ya risiti imerekebishwa. Kagua risiti ya kwanza kabla ya kumpa mteja. Watu huweka risiti kwenye pochi, na miezi baadaye ndiyo inayowaelekeza. Usitangaze tarehe ya kufungua kabla leseni haijatoka, maana tarehe ikisogea itabidi uwatangazie watu mara ya pili, na wengi watakuwa wameshika ile ya kwanza.

Pili, omba mlango wa zamani. Hapa ndipo wengi hukosea: wanabandika karatasi siku ya kuhama, mpangaji mpya anapaka rangi, habari imeisha. Mwandikie mwenye nyumba barua ungali na funguo mkononi, kodi ikiwa imelipwa yote. Barua fupi inatosha:

"Ndugu mwenye nyumba, nitakabidhi fremu yako mwisho wa mwezi huu. Naomba ruhusa ya kuacha tangazo dogo pembeni mwa mlango kwa muda wa miezi sita, likionyesha tulikohamia. Nitaliondoa mwenyewe muda ukiisha na kurekebisha rangi ya ukuta. Naomba pia umjulishe mpangaji ajaye."

Peleka nakala mbili, asaini moja ubaki nayo. Miezi sita si mingi kwa biashara ya msimu. Akikubali mitatu tu, chagua wakati wa kuhama ili mitatu hiyo iguse msimu mmoja mkubwa. Mpangaji mpya akishaingia, nenda ukamsalimie na umwonyeshe ile nakala. Tangazo lenyewe liwe la plastiki ngumu, si karatasi, lenye jina la duka, namba ya simu na mahali mlipo, basi.

Tangazo linaweza kung'olewa hata hivyo, kwa hiyo acha na mtu wa kusema. Usimwachie jirani anayeuza zipu kama wewe. Mteja akiuliza ataambiwa "yule alifunga siku nyingi" na kuuziwa papo hapo. Mwachie mama lishe, mlinzi wa jengo au mbeba mizigo anayeshinda pale, na umpe kadi zako kadhaa za kugawa.

Tatu, ujumbe wa simu. Orodha ya matangazo ya WhatsApp hubeba watu 256, na humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako. Mteja uliyemhifadhi wewe lakini yeye hakukuhifadhi hataona kitu, hivyo wateja wakubwa watumie SMS au wapigie. Andika njia kuanzia pale wanapofahamu:

"Ndugu mteja, duka la vifaa vya ushonaji la Mtaa wa Sikukuu limehamia Magomeni Mapipa. Ukitoka Kariakoo panda mwendokasi, shuka kituo cha Magomeni Mapipa, kisha piga namba hii tukupokee. Namba ya simu na Lipa Namba ni zilezile."

Sentensi ya mwisho usiiache. Matapeli hupenda habari za kuhama. Hutuma "namba ya malipo imebadilika" na fundi aliyezoea kuagiza kwa simu hulipa bila kuuliza. Kwa sababu hiyohiyo, kama ulikuwa na mpango wa kubadilisha laini, uahirishe.

Mwisho, ramani. Kama duka lako lipo kwenye Google Maps, usifungue ukurasa mpya wala usiandike kwamba la zamani limefungwa. Fungua ukurasa uleule, badilisha anwani, kisha sogeza alama hadi kwenye mlango wenyewe. Maoni ya wateja yatabaki. Huenda ukaombwa kuthibitisha upya, mara nyingi kwa video inayoonyesha mtaa, bango na ndani ya duka, kwa hiyo fanya hivyo bango likishatundikwa. Halafu mtume mtu asiyepajua akufuate kwa ramani hiyo. Akiishia upande wa pili wa Barabara ya Morogoro, alama bado haijakaa.