Mbia Mwenzako Anapotoka: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupanga Bei ya Gudwili

Wabia wawili wa ofisi ndogo ya uhasibu, uwakili au usanifu majengo wanapoachana, kompyuta, samani na fedha zilizo benki haziwasumbui sana. Ugomvi huanza kwenye gudwili, yaani ile thamani inayotokana na jina la ofisi na mazoea ya wateja kurudi. Haionekani kwenye mizania, na hilo lisimshtue mtu: kiwango cha uhasibu IAS 38 hakiruhusu gudwili iliyojengwa ndani ya ofisi yenyewe kuandikwa kama mali. Kwa hiyo bei yake lazima itafutwe upya siku mbia anapotoka.

Kabla ya kushika kikokotoo, soma mkataba wa ubia. Baadhi ya mikataba ya ofisi za kitaalamu inasema waziwazi kwamba gudwili haina bei, na mbia anayetoka anachukua mtaji wake na sehemu yake ya faida basi. Mingine imeshaweka kanuni ya kukokotoa. Kama kipengele hicho kipo, mjadala wenu uko ndani ya mipaka yake. Kama hakipo, kubalianeni kwanza kwa maandishi juu ya tarehe ya kuthamini na nani atakayefanya hesabu, kabla yeyote hajataja kiasi. Kiasi kikishatajwa, kila mmoja huanza kuchagua kanuni inayomfikisha anakotaka.

Kisha kusanya hesabu za miaka mitatu, miezi 12 kamili kila mwaka. Ofisi ya ushauri wa kodi inayojikadiria kwa kutazama miezi ya karibu na mwisho wa Juni, wakati wateja wengi wa Tanzania wanawasilisha ritani za kodi, itajiona tajiri kuliko ilivyo.

Tuchukue mfano wa kubuni wa ofisi ya uhasibu ya wabia wawili wanaogawana nusu kwa nusu. Mwaka wa mwisho iliingiza ada za shilingi milioni 260, na matumizi yalikuwa milioni 122, bila kuhesabu wanachochukua wabia. Faida inaonekana ni milioni 138. Anayetoka akizidisha kwa tatu na kugawa kwa mbili, atadai milioni 207, na atadai kwa moyo safi kabisa. Lakini faida hiyo bado haijasafishwa.

Ndani ya ada hizo kuna milioni 30 za pingamizi moja la kodi ambalo halitajirudia, lililogharimu milioni 4 za vibarua. Vilevile ofisi imekaa bila kodi ya pango kwenye jengo la mbia anayetoka, na pango la eneo lile ni milioni 12 kwa mwaka. Ondoa kazi ile na gharama zake, ongeza pango: ada zinabaki milioni 230, matumizi yanakuwa milioni 130, faida milioni 100.

Hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko yote. Ile milioni 100 bado ina jasho la wabia wawili wanaofanya kazi kila siku. Jasho hilo si gudwili. Jiulize: ningemwajiri mhasibu mwenye sifa zilezile afanye kazi ya mbia huyu, ningemlipa kiasi gani, michango ya mwajiri ikiwemo? Tuseme milioni 40 kwa mwaka kwa kila mbia. Inabaki milioni 20. Mtaji wa wabia uliofungwa kwenye vifaa na madeni ya wateja ni milioni 40, nao unastahili malipo yake. Kwa asilimia 15 ni milioni 6. Kinachobaki, milioni 14, ndiyo faida ya ziada, na hiyo ndiyo inayonunuliwa.

Kwa miaka miwili ya nyuma, hesabu hiyohiyo imetoa milioni 9 na milioni 12. Mwaka wa karibuni upewe uzito wa tatu, uliotangulia mbili, wa mwanzo moja, na wastani utakuwa milioni 12.5. Wakikubaliana kuzidisha kwa miaka mitatu, gudwili ya ofisi nzima ni milioni 37.5, na nusu yake ni milioni 18.75.

Watu hubishana kwa saa nyingi kama kizidishi kiwe mbili, tatu au nne, ilhali namba inayoitikisa bei kweli ni ule mshahara wa haki. Ukionekana ushahidi kwamba kazi ya anayetoka inaweza kufanywa na msaidizi mwandamizi kwa milioni 30, wastani wa faida ya ziada unapanda hadi milioni 22.5 na nusu ya gudwili inafika milioni 33.75. Tofauti ya milioni 10 kwenye mshahara imeongeza milioni 15 kwenye bei. Basi tafuteni viwango halisi vya mishahara mapema, hata kwa kuulizia ofisi mbili tatu, kwa sababu mazungumzo yenu yatakuwa kati ya bei hizo mbili. Tuseme wamekubaliana bei ya milioni 24.

Mtu ataleta kanuni ya mkato ya kuzidisha ada za mwaka, labda kwa 0.8. Kwa ada za milioni 230 hiyo ni milioni 184, nusu yake milioni 92. Kanuni hiyo inafaa pale ofisi kubwa yenye wafanyakazi wasio na kazi ya kutosha inapopokea wateja bila kuongeza gharama. Mbia anayebaki peke yake, anayelazimika kuajiri, hawezi kuirudisha fedha hiyo.

Sasa tengeneza orodha ya wateja: ada ya mwaka, nani anampigia mteja simu, na nani aliyemleta. Mteja hauzwi; anaweza kuondoka kesho. Katika mfano wetu, ada za milioni 90 zinahudumiwa na anayetoka peke yake. Suluhisho ni kulipa asilimia 30 siku ya kusaini, milioni 7.2, na kufunga milioni 16.8 zilizobaki kwenye ada zitakazokusanywa kutoka kwa wateja hao katika miezi 12. Zikikusanywa milioni 72, yaani asilimia 80, analipwa milioni 13.44. Andika “zilizokusanywa”, kwa sababu ankara isiyolipwa si fedha. Andika pia kwamba mteja aliyeondoka kwa huduma mbaya ya anayebaki hapunguzi malipo. Bila hivyo anayetoka anaadhibiwa kwa kosa lisilo lake. Na kama kizidishi kilishapunguzwa kwa hofu ya wateja kuhama, usipunguze tena hapa.

Madeni ya wateja na kazi zilizoanza ambazo hazijatozwa zigawanywe kando, zisichanganywe na gudwili.

Kuhusu kuchukua wateja, Baraza la Malordi la Uingereza liliamua mwaka 1896, katika kesi ya Trego na Hunt, kwamba aliyeuza gudwili hawezi kuwaandama wateja wa zamani akiwashawishi wamfuate, ingawa anaweza kufungua ofisi yake. Usitegemee uamuzi huo peke yake. Mkataba utaje wateja, muda na eneo kwa kiasi, maana katazo pana kupita kiasi linaweza kukataliwa mahakamani.

Mwisho, kama jina la anayetoka liko kwenye kibao, amueni litatumika hadi lini, na ulizeni NBAA, au chombo kinachosimamia taaluma yenu, kuhusu usajili wa ofisi itakayobaki na mtu mmoja. Barua kwa wateja isainiwe na wote wawili, itoke kabla ya uvumi, na anayetoka amtambulishe mrithi wake ana kwa ana kwa wateja wakubwa kabla ya kupokea ile asilimia 30.