Jinsi ya kutoa manukuu yaliyofichwa kwenye rekodi ya televisheni ya Marekani, na kupeleka malalamiko FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, yakikosekana

Mtu akirekodi taarifa ya habari kwa antena akiwa Marekani, manukuu ya kipindi huingia kwenye rekodi hata kama hakuyawasha kwenye skrini. Shida ni kwamba hayakai kama faili la pembeni, wala hayana mkondo wake kama sauti. Yamechomekwa ndani ya video yenyewe, katika nafasi ya data inayofuatana na kila fremu. Ndiyo maana watu wengi hufungua rekodi, wakaona mkondo mmoja wa video na mmoja au miwili ya sauti, kisha wakaamua kwamba manukuu hayamo.

Mwongozo huu ni wa matangazo ya ATSC, yaani ya Marekani. Rekodi za Tanzania, Kenya na Ulaya ni za mfumo wa DVB. Huko manukuu, yakiwepo, huja katika mkondo wake, mara nyingi kama picha za maneno zinazohitaji programu ya kusoma maandishi kutoka kwenye picha. Hiyo ni kazi nyingine.

Kwanza: hakikisha rekodi ni ile iliyotoka hewani

Unachohitaji ni faili halisi la matangazo, kwa kawaida lenye mwisho wa `.ts`, kutoka kwenye kifaa kinachohifadhi ishara ya antena bila kuigusa. Waya wa HDMI haubebi manukuu haya. Ukirekodi kwa kifaa kinachonasa picha kutoka kwenye kisimbuzi kupitia HDMI, utapata maneno ikiwa tu yalikuwa yamewashwa na kuchorwa juu ya picha, na hapo hayatoki tena kama maandishi. Kadhalika video iliyobanwa upya: programu nyingine huyahifadhi, nyingine huyatupa bila kusema neno. Kwa hiyo toa manukuu kwanza, ndipo ubane video. Kukata vipande bila kubana upya hakuna madhara.

Kagua kwa ffprobe, programu ndogo inayokuja pamoja na FFmpeg:

```
ffprobe rekodi.ts
```

Kwenye mstari wa video tafuta maneno `Closed Captions`. Yakionekana, data ipo. Yasipoonekana bado usiifute rekodi, kwa sababu ffprobe huangalia sehemu ya mwanzo tu, na rekodi iliyoanzia katikati ya matangazo ya biashara inaweza kuwa haina kitu dakika za kwanza.

Pili: toa

Programu inayofanya kazi hii vizuri ni CCExtractor. Ni ya bure, na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Amri ya msingi ni fupi:

```
ccextractor rekodi.ts -o habari.srt
```

Kama faili lina vituo kadhaa kwa pamoja (masafa moja Marekani hubeba kwa mfano 5.1, 5.2 na 5.3), ongeza `--autoprogram` ili ichague kimoja chenye data. Ikimaliza na kusema `No captions were found in input`, jaribu sehemu nyingine ya rekodi kabla ya kukubali jibu hilo.

Amri hiyo inatoa CC1, ambayo ni lugha kuu ya kipindi. Manukuu ya Kihispania, yakiwepo, kwa kawaida huwa kwenye CC3, na CC3 iko upande wa pili wa data:

```
ccextractor rekodi.ts --output-field 2 -o kihispania.srt
```

Matoleo ya zamani hutumia kistari kimoja: `-2`. Ukiona programu inakataa amri uliyoinakili mahali, tazama kwanza namba ya toleo.

Kuna pia aina mpya ya manukuu ya kidijitali, CEA-708, unayoweza kuitoa kwa `--service 1`. Mimi huanza daima na ile ya zamani, 608, kwa sababu vituo vingi hutengeneza ya 608 kisha mashine inaigeuza kuwa 708. Maneno ni yale yale, na ya zamani haina vikorombwezo vingi vya kuharibika.

Tatu: fahamu unachokiona kabla ya kukisahihisha

Fungua faili lililotoka. Kama ni kipindi cha moja kwa moja, huenda ukakutana na hali hii:

```
1
00:02:04,137 --> 00:02:06,072
>> GOOD EVENING.

2
00:02:06,072 --> 00:02:08,675
>> GOOD EVENING.
THE RAIN IS MOVING EAST

3
00:02:08,675 --> 00:02:11,211
THE RAIN IS MOVING EAST
AND IT WILL REACH
```

Kila mstari unajirudia. Hili si kosa. Manukuu ya moja kwa moja hupanda: mstari mpya huingia chini, wa zamani husogea juu, mistari miwili au mitatu ikibaki skrini. CCExtractor inaiga mwendo huo kwa uaminifu. Kwenye televisheni unapendeza, kwenye faili la maandishi unachosha. Toa upya kwa:

```
ccextractor rekodi.ts --norollup -o habari.srt
```

Sasa kila mstari utaandikwa mara moja. Alama `>>` maana yake msemaji amebadilika, na `>>>` habari mpya imeanza. Ziache mpaka mwisho, zinasaidia sana kugawa maandishi.

Tamthilia na vipindi vilivyorekodiwa hutumia njia nyingine. Maneno hutumwa kimyakimya, yakikaa kwenye kumbukumbu ya televisheni, kisha inakuja amri moja ya kuyatokeza yote kwa pamoja. Sababu ni udogo wa njia: CC1 hupata baiti mbili tu kwa kila fremu, yaani herufi kama 60 kwa sekunde, na mstari mmoja una nafasi 32. Mistari miwili iliyojaa inahitaji zaidi ya sekunde nzima kupita, ndiyo maana hutangulia. Hapa ndipo unapoweza kusoma ubovu wa ishara. Antena ikipoteza data kidogo, herufi mbili mbili hutoweka katikati ya neno. Ikipotea ile amri ya kutokeza, ingawa hutumwa mara mbili kwa tahadhari, kipande kizima hakionekani, au kinajishikiza kwenye kinachofuata. Ukikuta hali hiyo, angalia picha katika dakika hiyo hiyo. Kama nayo imekatika vipande vya mraba, tatizo ni antena yako.

Nne: herufi kubwa na ucheleweshaji

Herufi kubwa tupu unaweza kuzipunguza kwa `--sentencecap`. Itaacha herufi kubwa mwanzo wa sentensi, lakini majina ya watu na miji yatashuka. Dawa ni kuandika majina hayo kwenye faili la kawaida, jina moja kila mstari, kisha kulitaja kwa `--capfile majina.txt`. Kwa tamthilia ya mfululizo inalipa, kwani majina ni yale yale kila wiki. Kwa habari, sahihisha kwa mkono.

Ucheleweshaji ni mgumu zaidi. Anayeandika manukuu ya moja kwa moja lazima asikie kwanza, kwa hiyo maneno huchelewa sekunde kadhaa nyuma ya sauti. Kwenye Subtitle Edit, programu ya kuhariri manukuu, chagua `Adjust all times` uyavute mapema. Lakini ucheleweshaji huo haufanani rekodi nzima. Matangazo ya biashara yameandaliwa kabla na maneno yake huwa kwa wakati, kwa hiyo ukivuta kila kitu sekunde nne, ya habari yatakaa sawa na ya biashara yatatangulia sauti. Futa mistari ya biashara kwanza, kisha vuta. Pima sehemu tatu, mwanzo, katikati na mwisho, uchukue kipimo cha katikati. Usitegemee ulinganifu kamili, maana mwandishi mwenyewe huchelewa zaidi mtangazaji anapoharakisha.

Hifadhi kwa UTF-8. Ukiona mahali pa noti ya muziki ♪ au ya `ñ` kuna alama za ajabu, programu inayolisoma faili imekosea usimbaji, faili halijaharibika.

Tano: kama manukuu kweli hayakurushwa

Kabla ya kulalamika, washa CC kwenye televisheni iliyounganishwa na antena ile ile, kituo kile kile. Yakionekana hapo na rekodi yako haina, rudi hatua ya kwanza. Yasipoonekana kote, angalia kama kipindi kimesamehewa na sheria. Matangazo ya biashara mafupi hayalazimiki, wala vipindi vya kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi kwa saa za eneo. Vipindi vya lugha isiyo Kiingereza wala Kihispania navyo, kwa sehemu kubwa, vimesamehewa, kwa hiyo kipindi cha Kiswahili kinachorushwa Marekani kwa kawaida hakidai manukuu.

Kama hakuna msamaha, una siku 60 tangu siku ya tatizo. Unaweza kukiandikia kituo moja kwa moja, au kujaza fomu ya FCC kwenye `consumercomplaints.fcc.gov`, bila malipo. FCC hupeleka lalamiko kwa mhusika, naye ana siku 30 za kujibu. Andika namba ya kituo na jina lake la herufi, kampuni ya kebo au setilaiti kama unaitumia, jina la kipindi, tarehe na saa, na maelezo ya kilichotokea. Tangu 2014 kanuni zinataja mambo manne ya ubora: usahihi, kwenda na wakati, ukamilifu, na kukaa mahali pasipoziba picha muhimu. Sema lipi limevunjwa.

Faili lako la SRT hapa ndilo linalokupa saa kamili. Tuseme rekodi ilianza saa 12:28:00 jioni. Mstari wa mwisho kabla ya pengo unaishia `00:17:42`, na unaofuata unaanzia `00:21:10`. Jumlisha: pengo ni kuanzia 12:45:42 hadi 12:49:10, dakika 3 na sekunde 28. Itazame video katika muda huo. Kama ilikuwa ni biashara, huna lalamiko. Kama mtangazaji alikuwa anaendelea kusoma habari, andika kwenye fomu `6:45:42 PM` hadi `6:49:10 PM`, kwa sababu wao huhesabu saa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, taja habari iliyokuwa ikisomwa, na utunze rekodi asilia mpaka jibu lije.