Kabla hujabandika sera ya kurudisha bidhaa dukani

Tangazo la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" nililiandika mwenyewe kwa wino mwekundu, nikalibandika juu ya kaunta yangu ya viatu. Halikumaliza mwezi. Alikuja mama mmoja na kiatu cha mwanawe, kimevaliwa siku nne, soli imeachia upande wa vidole hadi gundi kavu inaonekana. Nikamwonyesha tangazo. Yeye akanionyesha kiatu.

Nilirudisha pesa, kwa shingo upande, na jioni ile nikaanza kuelewa kwamba tangazo langu lilikuwa jibu la swali ambalo hakuuliza. Anayerudisha kitu kwa sababu saizi imembana, au amefika nyumbani rangi haikumpendeza, anaomba hisani. Anayerudisha kitu kibovu anadai haki yake. Nchi nyingi zina sheria ya mauzo inayotaka bidhaa ifae kwa kazi iliyonunuliwa, na haki hiyo haifutwi na karatasi iliyobandikwa ukutani. Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya kuandika hata mstari mmoja, ni kuyatenga mambo haya mawili. La hisani unajipangia masharti unavyotaka. La kasoro, tafuta kwanza sheria ya mahali ulipo inasemaje, kisha ujenge juu yake. Ukiuza kwa mtandao, uliza na hilo pia, maana mteja hakukishika kitu kabla ya kulipa. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, mnunuzi wa namna hiyo ana siku 14 za kughairi bila kutoa sababu, tangu apokee bidhaa, isipokuwa kwa bidhaa chache zilizotajwa.

Baada ya hapo kaa na kalamu upige hesabu ya kitu kimoja kinachorudi. Wengi tunaogopa mteja anayebadilisha mawazo, na hesabu inaonyesha tunamwogopa mtu asiye na hatari. Tuseme jozi unainunua kwa 70 na kuiuza kwa 100. Katika jozi 100 ulizouza, sita zimerudi. Nne ni za saizi: watatu wamebadilishiwa, mmoja ametaka pesa yake, na viatu vyote vinne viko safi, vinarudi rafuni. Kilichokutoka ni boksi jipya kwa kila jozi, tuseme 3, na makato ya kutuma pesa kwa yule mmoja, tuseme 2. Jumla 14. Jozi mbili zilizobaki zina kasoro, umerudisha pesa zote, na viatu haviuziki tena. Hapo umepoteza 70 ulizonunulia na 2 za kutuma, mara mbili, yaani 144. Faida ya jozi moja ni 30, kwa hiyo kwa kila kiatu kibovu itakubidi uuze jozi tatu nyingine ndipo urudi pale ulipokuwa.

Wanne wamekugharimu 14, wawili 144. Pesa inavujia upande wa kasoro, na upande huo mteja si wa kulaumiwa. Anayepaswa kubeba mzigo ni aliyekuuzia wewe.

Ndiyo maana nasema sera ya mteja huanza kuandikwa kwa muuzaji wa jumla. Kabla hujamwahidi mteja siku zozote, muulize anayekuletea mzigo mambo matatu: anapokea vyenye kasoro kwa muda gani, muda huo unahesabiwa tangu lini, na anataka uthibitisho wa namna gani. Swali la katikati ndilo linalotuumiza. Akikwambia "siku 30" na kuzihesabu tangu siku mzigo ulipofika kwako, kiatu kilichokaa rafuni wiki tano kimeshatoka nje ya dhamana kabla hakijapata mnunuzi. Mteja akikirudisha, ni chako peke yako. Mimi nilibishana hadi nikakubaliwa zihesabiwe tangu tarehe ya risiti ya mteja, kwa sharti kwamba nionyeshe nakala ya risiti na picha ya kasoro. Asiyekubali kabisa, basi fungua kila boksi siku mzigo unapofika. Bonyeza soli kwa kidole gumba, vuta kidogo pale inapokutana na ngozi, pandisha na kushusha zipu. Kilichoachia mkononi mwako kirudi na gari lililokileta. Kasoro nyingine hazijitokezi mpaka kitu kitumike, kwa hiyo ukaguzi huo hautazimaliza, ila utazipunguza. Na ikiwa muuzaji wa jumla hachukui chochote, ongeza kidogo kwenye bei ya kuuzia mpaka zile jozi mbili katika mia zijilipe. Kwa mfano wetu ni kama 1.5 kwa kila jozi, kiasi ambacho mteja hatakihisi.

Sasa rudi kwenye hisani. Hapa kinachokuokoa ni maelezo ya hali ya bidhaa, kuliko idadi ya siku. "Kiwe katika hali nzuri" ni maneno ya kuzua ugomvi, kwa sababu uzuri wa mteja na wako hauko sawa. Andika kinachoonekana kwa macho. Kiatu kilichojaribiwa ndani ya nyumba hakina vumbi katika mifereji ya soli, na ngozi ya juu, pale vidole vinapokunjika, bado imenyooka. Kikitembelewa barabarani hata nusu saa, mkunjo ule hubaki, na mchanga mdogo hunasa kwenye mifereji hata kikifutwa. Mimi humwonyesha mteja sehemu hizo mbili wakati wa kununua na kumwambia avijaribie juu ya zulia au juu ya boksi lenyewe. Maneno hayo yamenipunguzia mabishano kuliko tangazo lolote. Kwa nguo, lebo ya bei iwe bado imefungwa pale ambapo huwezi kuivaa hadharani nayo. Kwa vifaa vya umeme, ile namba iliyochapwa nyuma ya kifaa iandikwe kwenye risiti, la sivyo utauza kipya na kurudishiwa cha zamani kinachofanana nacho. Hereni, nguo za ndani, vipodozi vilivyofunguliwa, hivyo sema wazi kwamba havirudi kwa kubadilisha mawazo. Vikiwa na kasoro, hesabu ni ileile ya mwanzo.

Siku saba kwa hisani zinatosha bidhaa nyingi, zikihesabiwa tangu mteja apokee mzigo. Ukitoa nyingi zaidi, bidhaa za msimu zinarudi msimu umekwisha.

Pesa yenyewe ina mitego yake. Rejesha kwa njia ileile iliyolipiwa, kwa namba au kadi ileile. Anayelipa kwa kadi kisha akaomba taslimu huenda ana sababu njema, lakini kadi ikija kujulikana ni ya wizi, benki inaweza kukukata wewe, na taslimu imeshaondoka. Rejesha pia kiasi kilicholipwa, si bei iliyoko rafuni leo. Na kama unauza kwa punguzo la jumla, andika mapema hesabu yake. Mteja amechukua jozi mbili kwa 180 badala ya 200, halafu anarudisha moja. Atadai 90. Lakini amebaki na jozi moja, na bei ya jozi moja ni 100, kwa hiyo anayostahili ni 80. Ukimweleza baada ya kurudi, ataona umemla 10. Akiikuta kwenye risiti yake, hana neno. Hesabu hii ni ya hisani tu. Jozi ikirudi kwa kasoro, usimkate punguzo, mpe 90 zake.

Wako wanaopendelea vocha ya duka badala ya pesa. Ni sawa kwa hisani, kwa kitu kibovu usimlazimishe mtu. Kumbuka tu kwamba vocha iliyo mfukoni mwa mteja ni deni lako. Ipe namba, iandike kwenye daftari, na usiihesabu kama faida ya mwezi.

Asiye na risiti naye atakuja. Mimi hutazama daftari la mauzo au ujumbe wa malipo kwenye simu yake. Tukiona, risiti imepatikana. Tusipoona, na bidhaa ni yetu kweli, hupewa mbadala au vocha kwa bei ya chini kabisa ambayo kitu hicho kiliwahi kuuzwa karibuni.

Kuhusu nani anaamua: mpe muuzaji wa kaunta mamlaka ya kumaliza kesi hadi kiwango fulani bila kukupigia simu. Mteja anayesubiri "bosi aje" hupandisha sauti, na anayepandisha sauti hupewa zaidi ya aliyekuja kwa upole. Hapo ndipo haki inapoharibika, kuliko katika maandishi. Ukiamua kumvunjia mtu sharti, iwe ndugu au mteja wa miaka, andika kwenye daftari umemvunjia sharti gani na kwa nini. Ukimnyima mwingine kesho kwa kisa kilekile, daftari litakusuta.

Maandishi ya mwisho yawe mafupi kiasi cha kutosha nyuma ya risiti. Yangu yanasomeka hivi:

"Kitu chenye kasoro: kilete na risiti ndani ya siku 30. Tutakibadilisha, au tutarudisha pesa yote, uamuzi ni wako. Kasoro ikijitokeza baada ya hapo, bado tuone. Haki zako za kisheria ziko palepale. Ukibadilisha mawazo au saizi: siku 7, kikiwa hakijatembelewa nje, soli safi, ngozi haijakunjika, na boksi lake. Tutabadilisha au kurudisha pesa kwa njia uliyolipia. Ukirudisha sehemu ya vitu vya punguzo kwa kubadilisha mawazo, ulivyobaki navyo vinahesabiwa kwa bei ya kimoja kimoja. Hereni na soksi zilizofunguliwa hazirudi ila kwa kasoro."

Hizo 30 ni zilezile nilizokubaliana na muuzaji wangu wa jumla. Zako zitategemea wako na sheria ya mahali ulipo.

Daftari la vilivyorudi lipitie kila baada ya miezi mitatu, ukiangalia safu ya sababu za kurudisha. Kwangu, mara ya kwanza nilipolipitia, karibu nusu ya waliorudisha kwa saizi walikuwa wamechukua aina moja ya kiatu, ambacho 40 yake ilikuwa nyembamba kama 39. Niliandika kwenye boksi kwa kalamu nene, "chukua namba moja juu". Hakuna aliyekirudisha tena kwa saizi.