Jedwali la matoleo: namna ya kulijaza lisije likakuumbua mkutanoni

Mimi ni katibu wa chama cha kuweka na kukopa. Siku moja mkutanoni mwanachama mmoja alisoma kwenye karatasi yake kwamba mkopo ni hadi mara tatu ya akiba. Jirani yake akasoma mara mbili. Karatasi zote mbili ziliandikwa juu "kanuni za mikopo, toleo la mwisho". Tulibishana saa nzima kabla ya kufungua ajenda ya kwanza. Tangu hapo kila waraka wangu una jedwali la matoleo, na hivi ndivyo ninavyolitengeneza kwenye Word.

Hatua ya 1. Chora safu nne, basi. Weka jedwali ukurasa wa kwanza, chini ya kichwa cha waraka. Toleo jipya hukaa juu, kwa sababu ndilo watu wanalolitafuta.

| Toleo | Tarehe | Mhariri | Kilichobadilika |
|---|---|---|---|
| 2.0 | 8 Februari 2025 | Katibu, A.M. | Kifungu cha 7: kiwango cha juu cha mkopo kimeshuka kutoka mara 3 ya akiba hadi mara 2. Uamuzi wa mkutano mkuu wa 1 Februari. |
| 1.1 | 12 Septemba 2024 | Mweka hazina, R.J. | Kifungu cha 4: namba ya akaunti imesahihishwa, tarakimu mbili zilipishana. Hakuna kanuni iliyobadilika. |
| 1.0 | 20 Januari 2024 | Katibu, A.M. | Toleo la kwanza. |

Namba ya mbele hupanda pale kanuni yenyewe inapobadilika, ya nyuma kwa masahihisho tu. Mstari mpya huongezwa waraka unapotoka mikononi mwako kwenda kwa wengine. Ukiongeza kila unapohifadhi faili, baada ya wiki utakuwa na mistari thelathini isiyosomwa na mtu.

Hatua ya 2. Tarehe iandike kwa mkono. Usibonyeze Alt+Shift+D. Njia hiyo huweka tarehe inayojibadilisha, na waraka ukifunguliwa mwezi ujao toleo la mwaka jana litaonekana limetoka leo. Mwezi uandike kwa jina, maana 04/03 kwetu ni tarehe nne Machi, lakini kompyuta nyingi zimepangwa Kimarekani na huko ni tarehe tatu Aprili. Tarehe yenyewe ni ya siku toleo lilipotoka, hata kama ulianza kuhariri wiki mbili nyuma.

Hatua ya 3. Usitegemee kumbukumbu. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mtu amehariri kwa siku tatu, mwisho anaandika "marekebisho madogo madogo", na maneno hayo hayamsaidii yeyote. Fungua Review, kisha Compare, uchague Compare tena. Kwenye Original document weka toleo la zamani, kwenye Revised document weka jipya. Word itakufungulia waraka wa tatu wenye alama kila palipoguswa. Nilipofanya hivyo kwa toleo la 2.0 niligundua kwamba mbali na kifungu cha 7, nilikuwa nimefuta sentensi nzima ya kifungu cha 9 bila kujua. Niliirudisha kabla waraka haujatoka.

Sasa andika muhtasari kwa kufuata alama hizo: kifungu gani, kilikuwaje, kimekuwaje, kwa uamuzi wa nani. Ukiona muhtasari umezidi mistari mitatu, taja vifungu vinavyogusa pesa au haki za mwanachama kwanza, vya tahajia vimalizie kwa sentensi moja.

Hatua ya 4. Namba ya toleo ionekane kila ukurasa. Karatasi hutengana, ukurasa wa tano ukiokotwa peke yake lazima ujitambulishe. Andika "2.0" chini ya kichwa cha waraka, iteue, uitengenezee mtindo wa herufi (Character) uitwao Toleo. Mtindo huo uutumie hapo tu, hata ndani ya jedwali usiuweke. Kisha ingia sehemu ya chini ya ukurasa, bonyeza Ctrl+F9, na katikati ya mabano yatakayotokea andika:

```
STYLEREF "Toleo"
```

Maliza kwa F9 (laptopu nyingine hutaka ushikilie Fn). Kuanzia hapo ukibadilisha namba pale juu, kurasa zote zinafuata. Ukitokea ujumbe unaoanza na "Error!", ama jina la mtindo umelikosea, ama uliifuta namba yote ukaandika upya bila mtindo. Iteue tena, uipe mtindo.

Hatua ya 5. Toa PDF, ipe jina linalolingana na jedwali, kwa mfano `kanuni-mikopo_2.0_2025-02-08.pdf`. Hiyo ndiyo ninayotuma kwenye grupu la wanachama. Faili la Word linabaki kwangu na kwa mweka hazina, na za zamani nazihifadhi kwenye folda yake: mwenye mkopo wa Desemba 2024 bado anabanwa na toleo la 1.1.