Kabla ya kupanda Ngong kwa picha ya ramani

Juzi mtu alitutumia picha ya ramani ya Milima ya Ngong kwenye kundi letu la Jumamosi. Ilikuwa imepigwa juu ya meza, upande upande, na kivuli cha simu kimefunika kona moja. Swali la kwanza likawa: "Hii mistari ya kahawia ni njia za miguu?" Si njia. Ni kontua: kila mstari unaunganisha sehemu zilizo na kimo kimoja kutoka usawa wa bahari. Ukiweza kutembea juu ya mstari mmoja bila kuuacha, hutapanda wala hutashuka hata hatua moja.

Kwa hiyo kabla ya kupanda matatu ya 111, itazame vizuri picha yenyewe. Je, ukingo wa chini wa karatasi umeonekana? Hapo ndipo pameandikwa tofauti ya kimo kati ya kontua moja na inayofuata. Karatasi nyingi za Kenya za skeli ya 1:50,000 hutumia mita 20, lakini za zamani nyingine zina futi, na ukichanganya hivyo viwili utaukuza mlima zaidi ya mara tatu. Kama ukingo umekatwa, tafuta kontua mbili zilizoandikwa namba, hesabu nafasi zilizo kati yake, kisha ugawanye tofauti ya namba hizo kwa idadi ya nafasi.

Jambo la pili ndilo linalowapoteza wengi. Ile 1:50,000 ni ya karatasi, si ya kioo cha simu. Ukivuta picha kwa vidole viwili skeli imeshakufa. Kinachobaki salama ni miraba ya gridi, kwa sababu upande wa kila mraba kwenye ramani hizi ni kilomita 1 ardhini, hata picha iwe kubwa namna gani.

Tuchukue mfano. Umevuta picha mpaka upande wa mraba ukawa sentimita 5 kwenye kioo. Sentimita 2 basi ni mita 400. Weka rula mahali mistari imebanana, uikate kwa pembe mraba. Ukihesabu nafasi 10 ndani ya sentimita hizo 2, umepanda mita 200 kwa mwendo wa mita 400, yaani mita 1 kwa kila 2. Huo ni mwinamo wa nyuzi 27 hivi, na nyasi zikiwa na maji viatu vya mpira vitateleza tu. Sogeza rula mahali mistari imeachana, upate nafasi 2: mita 40 kwa mita 400 zile zile. Hapo mtoto wa darasa la tatu atapanda akipiga gumzo.

Ila pima mraba wa chini na wa juu, yote miwili. Kamera ikiinama, upande wa mbali hujikunja. Mraba wa chini ukiwa sentimita 5 na wa juu 4, kontua za juu zimebanwa na kamera, si na mlima. Tumia kipimo cha mraba ule unaousoma.

Kwa Ngong utaona mistari mirefu inayokimbia kaskazini hadi kusini: huo ndio mgongo wenyewe, na vilele vyake ni vijiduara vilivyojifunga, kile cha juu kabisa kikifika kama mita 2,460. Upande wa magharibi, unaotazama Bonde la Ufa, mistari imebanana kuliko upande wa Nairobi. Anayetaka njia ya mkato ya kushuka aangalie hapo kwanza.

Kazi ngumu zaidi ni kutofautisha bonde na kigongo, maana vyote huchora umbo la V. Soma namba. Ncha ya V ikielekea kwenye namba kubwa, hilo ni bonde, na mara nyingi utaona mstari wa bluu wa mto ukipita katikati ya ncha hizo. Ikielekea kwenye namba ndogo, ni kigongo. Miezi ya mvua ndefu mimi hushukia kigongo. Bonde lililokauka kwenye karatasi linaweza kuwa na maji hadi magotini.

Tena, nafasi ya mita 20 ina siri zake. Genge la mita 15 linaweza kujificha lote kati ya kontua mbili, na mistari isibanane hata kidogo. Hilo picha haitakuambia hata uivute vipi. Waulize askari wa misitu langoni kabla ya kuanza kupanda.