Taa ya LOS nyekundu: faiba iliyokunjwa, konekta chafu, na vitu usivyopaswa kugusa

Ukiona taa iliyoandikwa LOS kwenye ruta ya faiba inawaka nyekundu au inapepesa, ujue mwanga kutoka kwa mtoa huduma haufiki, au unafika ukiwa hafifu hata kifaa kinashindwa kuusoma. Hapo tatizo si Wi-Fi, si nywila, wala si kifurushi kuisha. Kosa linaweza kuwa nje kwenye nguzo, lakini anza kwa kukagua zile mita chache kati ya kisanduku cha ukutani na ruta. Huko waya hukunjwa, na konekta, yaani kichwa cha waya kinachochomekwa, huingia uchafu. Mkunjo unaweza kuurekebisha mwenyewe. Konekta mwachie fundi, na nitaeleza sababu.

Hatua ya 1: Soma kipimo kabla ya kugusa chochote

Kama mtandao unakatikakatika lakini bado unarudi, ingia kwenye ukurasa wa ruta. Anwani yake imeandikwa kwenye kibandiko chini ya kifaa. Kwa ruta nyingi za Huawei ni `192.168.100.1`, na kwa nyingi za ZTE ni `192.168.1.1`. Tafuta sehemu ya `Optical Information`, kisha `RX Optical Power`. Utaona namba yenye alama ya kutoa, kwa mfano `-20.3 dBm`.

Kadiri namba inavyozidi kushuka chini ya sifuri, ndivyo mwanga unavyopungua. Ikishuka kwa 3, mwanga umebaki nusu. Ikishuka kwa 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Kwa ruta nyingi za majumbani (aina ya GPON), kati ya -15 na -25 ni pazuri, na ukifika karibu na -27 uko ukingoni. Andika namba hiyo mahali.

Wengi huchanganya jambo hili: mwanga ukipungua, kasi haipungui kidogo kidogo pamoja nao. Ruta yenye -24 hufanya kazi sawa na yenye -18. Inapokaribia ukingo ndipo makosa yanapoanza, mtandao unakatika, unarudi, unakatika tena. Kwa hiyo kama kipimo ni -19 na video bado zinakwama, usihangaike na waya wa faiba, angalia Wi-Fi.

Hatua ya 2: Fuata waya kwa macho, kisha kwa vidole

Anza kwenye ruta, nenda taratibu hadi kisanduku cha ukutani. Angalia nyuma ya kabati la televisheni, chini ya mguu wa kochi, kwenye ukingo wa mlango, na popote waya ulipofungwa kwa kamba ya plastiki iliyokazwa. Waya mrefu uliobaki mara nyingi huviringishwa kuwa kifurushi kidogo kisha ukabanwa nyuma ya ruta. Hapo ndipo pa kuanzia.

Ndani ya waya kuna uzi wa kioo, na mwanga husafiri kwa kugonga kingo za kioo na kurudi ndani. Pakikunjwa sana, mwanga hugonga ukingo kwa pembe isiyoweza kuurudisha, ukatoka nje. Waya wa kawaida hautakiwi kuzungushwa kwenye duara lenye upana chini ya sentimita 6. Kama ganda lake limeandikwa `G.657.A2`, huo umetengenezwa kuvumilia kona kali zaidi, lakini hata huo hauvumilii kukunjwa kama karatasi. Kwa usalama, duara lolote lisiwe dogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai.

Hatua ya 3: Legeza, usivute

Sogeza kabati, ondoa uzito, kata kamba ya plastiki kwa uangalifu bila kugusa waya wenyewe. Acha waya ujinyooshe. Usiuvute kutoka upande wa ruta ili kuunyoosha, kwa sababu unaweza kuuchomoa uzi ndani ya konekta. Kisha sukuma konekta ya kijani kwa wepesi kuelekea kwenye ruta bila kuichomoa. Kama ilikuwa imelegea, utasikia ikibofya.

Hatua ya 4: Soma kipimo tena

Chukua mfano wa nyumba moja ya ghorofa ambako mtandao ulikuwa ukikatika kila mara. Kadi iliyojazwa siku mtandao ulipofungwa iliandikwa -19.8. Kipimo cha siku ya tatizo kilikuwa -27.4. Nyuma ya meza ya televisheni waya ulikuwa umebanwa ukutani, umekunjika kona kabisa. Meza iliposogezwa, kipimo kilipanda hadi -22.1 na mtandao ukatulia.

Wengi wangeishia hapo. Lakini bado kulikuwa na pungufu ya 2.3, na mkunjo haukuwepo tena. Fundi alichomoa konekta, akaikagua kwa darubini yake ndogo, akaona uchafu katikati, akasafisha. Kipimo kikawa -19.9. Sehemu ya kioo inayopitisha mwanga ina upana wa mikroni 9 tu, chini ya sehemu moja ya mia ya milimita, kwa hiyo chembe ya vumbi usiyoiona inatosha kuziba njia.

Usiguse kabisa

Usichomoe konekta ili "kuipuliza" au kuifuta kwa shati. Pumzi ina unyevu, kidole kina mafuta, na shati lina nyuzi. Zaidi ya hapo, ukiirudisha na uchafu, unaweza kukwaruza uso wa kioo cha ruta.

Usichungulie ndani ya konekta wala tundu lake. Mwanga wake ni leza isiyoonekana, kwa hiyo jicho halishtuki wala halijifumbi.

Usifungue kisanduku cha ukutani. Ndani kuna uzi mtupu ulioungwa kwa mashine. Uzi ukivunjika, vipande vyake ni vyembamba, vinapenya ngozi na ni vigumu kuviona. Waya uliokatika usiuunge kwa gundi wala utepe. Waweke watoto mbali na upigie mtoa huduma.

Usibonyeze kitufe cha `RESET`. Hakiongezi mwanga, na kinaweza kufuta mipangilio ya mtoa huduma.

Maswali ya wanachama

*Kaka fundi, dukani nimeona waya wa faiba wenye konekta ya bluu. Naweza kununua nibadilishe wa kijani?*

Hapana, dada. Uso wa konekta ya kijani umechongwa mshazari kwa digrii 8, wa bluu haujachongwa hivyo. Ukiziunganisha, nyuso hazikutani vizuri, mwanga mwingi unapotea, na unaweza kuharibu uso wa ile nyingine.

*Nimelegeza waya wote, kipimo bado -26. Nimwambie nini mtoa huduma?*

Mpe namba mbili: kabla na baada ya kulegeza. Mwambie hakuna mkunjo ndani ya nyumba, kisha omba fundi aje na kipima mwanga na kifaa cha kusafishia konekta. Akishasafisha, mwombe akuandikie kipimo kipya kwenye kadi.

*Ruta yangu haioneshi ukurasa huo, mtoa huduma ameufunga. Nifanyeje?*

Tumia taa. LOS ikizima na taa iliyoandikwa PON ikatulia kijani baada ya kulegeza waya, mkunjo ndio uliokuwa kosa. Ukitaka namba, mhudumu wa simu anaweza kukusomea kutoka kwenye mtambo wao.

*Mtoto amekanyaga waya, ganda limepasuka lakini mtandao unafanya kazi. Niuache?*

Usiuache, mama. Usiufunge wala kuukunja hapo palipopasuka, uweke mahali pasipopitwa, na uombe ubadilishwe wote. Uzi ulioumia unaweza kufanya kazi kwa muda kisha ukakatika kwa kuguswa tu.