Jinsi ya kukagua na kulipa faini za gari kabla ya kuliuza au kuhuisha leseni ya barabara

Ombi la kuhamisha umiliki au kuhuisha leseni ya barabara mara nyingi hukwama kwa sababu moja: mfumo unaonyesha kwamba namba ya gari inadaiwa. Mwenye gari hushangaa, maana aliangalia juzi tu na akakuta safi. Aliangalia kweli, ila aliangalia sehemu moja.

Faini hazikai kwenye daftari moja. Za mwendokasi, taa nyekundu na makosa yanayoandikwa na askari huwa polisi au kwenye mamlaka ya barabara. Za maegesho huwa kwa manispaa, au kwa kampuni iliyopewa kazi hiyo na manispaa. Tozo za barabara au daraja la kulipia zisizolipwa huwa kwa mwendeshaji wa barabara hiyo. Ofisi ya usajili wa magari huona tu madeni iliyoletewa na wenzake, na mara nyingine huletewa siku ileile unayopeleka ombi. Kwa hiyo uliza kila mahali ambako gari limepita au limeegeshwa, ukiwamo mji uliopita mara moja tu. Usianzie dirishani kwa msajili.

Andaa namba zako

Chukua kadi ya gari, kitambulisho na namba ya leseni yako ya udereva. Faini nyingine hufuata gari na nyingine humfuata dereva. Iliyoandikwa na askari kwa kusoma leseni ya udereva inaweza isionekane kabisa ukitafuta kwa namba ya gari, wakati ya kamera karibu kila mara huenda kwa namba ya gari na kwa jina la mwenye kadi. Ukiweza, tafuta kwa njia zote mbili.

Nakili namba kutoka kwenye kadi, kisha zilinganishe na zilizo kwenye gari lenyewe. Sifuri na herufi O huchanganywa sana. Namba ya chasisi yenye tarakimu na herufi 17 haitumii kabisa herufi I, O wala Q, hivyo ukiona kitu kama O ndani yake, hiyo ni sifuri. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani huwa na namba fupi zaidi, na hilo si kosa. Angalia pia kama gari liliwahi kubadilishiwa namba ya usajili, kwa sababu deni la zamani linaweza kuwa limebaki kwenye namba ya zamani.

Soma kabla hujalipa

Ukikuta deni, fungua maelezo yake: namba ya taarifa ya kosa, tarehe, saa, mahali, na picha kama ipo. Usiharakishe kulipa ili yaishe. Sehemu nyingi, kulipa huhesabika kuwa umekubali kosa, na baada ya hapo pingamizi halipokelewi. Kwenye picha tazama rangi, aina ya gari, stika na michubuko. Kama gari si lako lakini namba ni yako, huenda mtu amenakili kibao chako. Hilo linahitaji taarifa ya polisi mara moja, maana faini zitaendelea kuja hata baada ya kulipa ya kwanza. Kama gari ni lako lakini aliyeendesha ni mwingine, angalia kama sheria inakuruhusu kumtaja, na muda wa kufanya hivyo. Muda huo huwa mfupi.

Tazama tarehe mbili: ya mwisho ya punguzo kwa anayelipa mapema, kama lipo, na ya kuanza kwa nyongeza kwa anayechelewa. Kukiwa na madeni kadhaa, zipangie malipo kwa tarehe hizo, usifuate ukubwa wa kiasi.

Lipa, kisha hakikisha deni limefutika

Kila faini hutolewa namba yake ya malipo. Lipa kiasi kamili kwa namba hiyo, na usijumlishe faini mbili kwenye muamala mmoja isipokuwa mfumo wenyewe umekupa namba ya pamoja. Kama ada ya benki imekatwa ndani ya kiasi ulichotuma, deni litabaki na salio dogo, na salio dogo huzuia ombi sawasawa na kubwa. Namba ya malipo ichukue kwenye mfumo rasmi. Ujumbe wa simu unaodai una faini, wenye kiungo cha kubonyeza, ni mtego wa kawaida wa matapeli.

Risiti inathibitisha kwamba pesa imetoka kwako. Haithibitishi kwamba kizuizi kimeondolewa kwa msajili. Taarifa hupita kutoka benki hadi aliyekutoza, kisha hadi ofisi ya usajili, na inaweza kukwama popote njiani. Rudi ukakague namba ileile pale ulipoikuta inadaiwa, halafu kwa msajili. Ikiwa wa kwanza anaonyesha imelipwa na msajili bado anaonyesha deni, usilipe tena. Peleka risiti na namba ya taarifa kwa aliyekutoza, uombe atume upya taarifa ya kufuta.

Chukulia mwenye gari ambaye leseni yake ya barabara inaisha tarehe 30 na amekubaliana na mnunuzi kukabidhiana tarehe 28. Anaanza kukagua tarehe 10. Polisi wana faini moja ya mwendokasi, manispaa mbili za maegesho, barabara ya kulipia hakuna. Picha ya faini moja ya maegesho inaonyesha gari jeupe, na lake ni la bluu. Analipa mbili nyingine, ya tatu anaiwekea pingamizi na kuomba barua inayoonyesha kwamba iko kwenye mapitio. Kisha anamuuliza msajili kama barua hiyo inatosha, maana kuna mahali pingamizi husimamisha kizuizi na kuna mahali halisimamishi. Angeanza tarehe 26, asingekuwa na nafasi ya kupata jibu.

Tarehe 27 anakagua tena na kukuta faini mpya ya kamera, ya tarehe 19. Haikuwapo mwanzoni kwa sababu kosa lenyewe halikuwa limetokea. Lakini hata kosa la tarehe 8 lingeweza kuchelewa vivyo hivyo, kwa kuwa picha za kamera hupitiwa kwanza ndipo taarifa itolewe.

Ndiyo maana ukaguzi safi wa siku ya kuuza hautoshi kumlinda yeyote kati yenu. Kwenye mkataba wa mauzo andikeni tarehe na saa ya kukabidhiana funguo, pamoja na namba inayosomeka kwenye kipima kilomita. Andikeni pia kwamba kosa la kabla ya saa hiyo ni la muuzaji na la baada yake ni la mnunuzi, hata taarifa ikifika lini. Mnunuzi makini ataomba abaki na sehemu ya fedha kwa wiki chache, na mimi naona ni ombi la haki ilimradi kiasi na tarehe ya kuitoa viandikwe.

Muuzaji naye asimwachie mnunuzi peke yake kazi ya kubadilisha jina. Toa taarifa ya mauzo kwa msajili siku hiyohiyo, upewe uthibitisho wenye tarehe. Mpaka jina libadilike, kila picha ya kamera itakuja kwako, na utakachoonyesha ni uthibitisho huo pamoja na nakala ya mkataba wenye saa.